Tarehe Imethibitishwa

Mwezi ulipoonekana Ijumaa ile jioni, nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mimi. Tulikuwa tumefuturu, mikono bado ina harufu ya sambusa, kipaza sauti cha msikiti kikakohoa mara mbili kama kawaida yake, kisha sauti ikasema Idd ni kesho. Kina shangazi wakapiga vigelegele. Mama akacheka, akasema kumbe mwaka huu tumepunguziwa siku moja. Mimi niliweka kikombe cha uji chini, nikaingiza mkono ndani ya buibui nisionekane, nikahesabu kwa vidole. Jumamosi, Idd mosi. Jumapili, Idd pili. Jumatatu, Idd tatu. Nikahesabu tena nikianzia kidole kingine, labda kingenihurumia. Jumatatu ilibaki Jumatatu.

Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Idd tatu. Na mpishi nilikuwa nimemwandikia aje Jumanne.

Nieleze vile mtu mzima mwenye akili zake, karani wa ununuzi katika ofisi ambayo haikosei hata idadi ya kalamu, anavyoweza kufanya jambo kama hilo. Kwetu, siku ya sherehe haitajwi kwa tarehe. Wazee walikaa na watu wa bwana harusi kutoka Kulamawe, wakanywa chai ya maziwa, wakakubaliana Idd tatu, wakasoma dua, wakaondoka. Habari ikaenda hivyo hivyo kwa midomo mpaka Kinna, mpaka Rapsu kwa shamba la mjomba, mpaka Biliqo ambako mbuzi wangetoka. Hakuna aliyechapisha kadi. Kila mtu alijua kwamba siku yenyewe italetwa na mwezi, na mwezi ukija utawakuta wote wako tayari. Mimi peke yangu ndiye niliyehitaji tarehe, kwa sababu barua pepe ya kwenda kwa mpishi haiwezi kuandikwa Idd tatu ikatosha. Nikaangalia kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyotundikwa jikoni. Idd ilikuwa imepigwa rangi nyekundu Jumapili. Nikahesabu mpaka Jumanne, nikaandika Jumanne.

Wazo la kumlipa mpishi lilikuwa langu pia. Mama yangu amepika katika harusi, matanga na maulidi ya mtaa huu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Masufuria makubwa ya jumuiya yanalala kwetu kwa sababu yake. Mtu akiposa, kabla hajamwambia sheikh huwa ameshakuja kumwambia mama. Katika hizo harusi zote sikumbuki nikimwona amekaa. Harusi yangu mwenyewe aliiona kupitia mlango wa jiko, na nilipotoka kwenda kwa mume wangu alinipungia mkono wenye mwiko. Kwa hiyo mdogo wangu alipochumbiwa niliapa kwamba safari hii mama atavaa, atakaa kiti cha mbele, ataletewa sahani. Nilibishana na baba wiki mbili. Baba ni mtu wa malori, pesa anazijua zikitoka kwa dizeli na matairi, si kwa kupikiwa ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Mwishowe alichoka na mdomo wangu, akasema sawa, lakini mambo ya kuandikiana yote ni juu yangu.

Mpishi tuliyempata alikuwa mama wa Meru mjini, mwenye kampuni ndogo ya upishi na sifa ya kutochelewa. Wapishi wake wa nyama walikuwa Waislamu, na alishapikia Waislamu wa Isiolo na hata wa Maua. Barua yake ya kwanza ilinipendeza, maana iliandikwa kama mimi mwenyewe ningeiandika kazini. Alitaka nithibitishe mambo manne. Siku. Saa ya kufika, ambayo aliiandika mara mbili, kwa saa zetu na kwa saa za Kizungu, kumi na mbili asubuhi, 6.00 a.m., ili asiwepo mtu wa kudai alielewa vingine. Nafasi ya kuweka hema, jiko na maji: mita ngapi, upepo unatoka wapi, gari lake litaingilia lango gani. Na malipo: nusu ilipwe siku ya kukubaliana, theluthi juma moja kabla, iliyobaki wageni wakishakula. Chini aliongeza kwamba kutoka Ijumaa jua likitua mpaka Jumamosi jua likitua yeye huwa katika Sabato, hafanyi kazi na hashiki simu.

Na kabla ya kusaini aliuliza swali moja. Lilikuwa la Kiingereza, nami nalitafsiri hapa neno kwa neno, kwa sababu nimelisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mume wangu. Aliuliza, "Kwa kuwa ni baada ya Idd, je, siku hii inategemea mwezi? Kama inategemea, niambie nikuwekee siku mbili. Sitakutoza chochote kwa siku ya pili."

Ningekuwa na adabu ningemshukuru. Lakini nilikuwa na saumu, joto la Isiolo limekaa kichwani, na kitu fulani kikanichoma. Mwanamke wa milimani, Msabato, ananifundisha mwezi wetu? Mimi ambaye babu yangu alikuja hapa na jeshi la mkoloni akiwa na msala wake begani? Nikajibu kwa Kiingereza cha ofisini kilichopigwa pasi. Nilipima kiwanja kwa hatua zangu, nikamwelekeza lango la nyuma ambako malori huegeshwa, nikamwambia jiko liwekwe upande wa magharibi moshi usiingie kwa wanawake, nikamtajia tangi la maji. Kuhusu siku nikaandika kwamba tarehe imethibitishwa na familia na haitabadilika. Familia yenyewe hata sikuiuliza. Baba alituma pesa, kwanza ile nusu, halafu ile ya pili. Kila mara aliniuliza kama nimeandika, nami nikamjibu nimeandika.

Sasa ilikuwa Ijumaa, saa moja na nusu jioni, na jua lilikuwa limetua kitambo. Nilijifungia chooni nikapiga simu. Ikasema mteja hapatikani. Nilipiga mara sita, kana kwamba Sabato ya mtu inaweza kuisha kwa kusumbuliwa. Kisha nikaandika barua pepe, nimechuchumaa. Mwezi umeandama mapema. Harusi ni Jumatatu, si Jumanne. Saa ni ile ile, mahali ni pale pale. Tafadhali nithibitishie. Nikaituma, nikabaki nimeshikilia simu nikitazama ukuta. Wageni mia nne, wengi wao wakitoka mbali juu ya lori, wangeshuka Jumatatu saa sita mchana wakute kiwanja kitupu.

Nilipaswa kutoka pale chooni niende moja kwa moja kwa mama. Najua. Badala yake nilijipa moyo kwamba mama wa Meru ataona ujumbe kesho jua likitua, atajibu hakuna shida, na hakuna mtu atakayejua kwamba kuna siku nilikuwa mjinga. Woga wangu ulikuwa na hila zake. Ulinishauri ninyamaze, nami nikauona ushauri wa busara.

Idd ile sitaki nyingine kama hiyo. Asubuhi tulikwenda uwanjani kuswali, na katika sijda, badala ya kumshukuru Mola kwa mwezi mzima, nilikuwa nahesabu saa za kufikia magharibi. Watoto walikuja kutaka pesa za Idd, nikawapa bila kuangalia noti. Kila simu ilipolia niliikimbilia. Kaka yangu alileta habari kwamba mbuzi wameshapakiwa Biliqo na watafika Jumapili mchana, na kwamba watu wa Kulamawe wamekodi lori mbili badala ya moja. Alisema kwa furaha. Nilikataa chakula nikasema ninaumwa na kichwa, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Niliwaza hata kwenda Meru. Ni mwendo wa saa moja na kidogo, lakini ningefika nimuulize nani? Sikuijua nyumba yake. Nilijiona nikizunguka kanisa moja baada ya jingine na hina yangu ya Idd mikononi, nikichungulia madirishani watu wakiwa wanaomba. Na nyumbani ningeaga nikisema naenda wapi, siku ya Idd?

Kilichonimaliza ni mama. Baada ya chakula cha mchana aliniita chumbani, akafungua sanduku, akanionyesha dirac, gauni refu la sherehe, aliyonunua kwa siri, hariri nyepesi ya rangi ya machungwa, na gagulo lake chini lenye lesi. Nguo kama hiyo hawezi mtu kusimama nayo karibu na moto. Akaipima mwilini juu ya dera lake, akageuka kwenye kioo upande mmoja, akageuka upande wa pili. Akaniuliza wamama wa bwana harusi watakaa upande gani, na yeye atakaa upande gani, kwa sababu hajawahi kukaa na hajui. Nilimwambia atakaa mbele, katikati. Akanitazama macho, akaniuliza kama nimelia. Nikasema ni moshi.

Jua la Isiolo halina haraka ya kutua siku unapolingoja. Nilikaa kibarazani na simu mapajani tangu saa kumi na moja. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Nikaswali haraka haraka, na nilipotoa salamu ya pili jibu lilikuwa limeingia. Safari hii aliandika Kiswahili.

"Idd njema kwako na kwa mama. Nimeona ujumbe wako sasa hivi. Jumatatu nilikuwa nimekushikia tangu siku ile nilipokuuliza. Uliponijibu kwamba tarehe haitabadilika niliiachilia, na sasa nina harusi Nkubu, wapishi wangu wote wako huko. Siwezi kukudanganya kwamba nitagawanyika. Hema, viti na sufuria mbili kubwa nitakuletea Jumapili jioni, bila malipo ya usafiri. Pesa za chakula nitamrudishia baba zote. Nisamehe."

Nilirudia neno hilo la mwisho. Alikuwa ananiomba mimi msamaha. Nikainuka, nikaingia ndani.

Wanaume walikuwa sebuleni wanapanga magari. Nikasema mpishi amesema Jumatatu haiwezekani. Nilisema hivyo tu, maneno manne, na kila moja lilikuwa kweli. Mjomba wa Rapsu alikuwa wa kwanza kuwaka. Alisema watu wa huko juu ndivyo walivyo, wanakula pesa halafu wanakumbuka wana shughuli nyingine. Kaka yangu akasema atamtangaza mji mzima, asipate kupika hata chai katika nyumba ya Mwislamu hapa Isiolo. Baba alikuwa ananitazama, na mimi nilitazama zulia. Nilingoja mtu mwingine aseme jambo ambalo mimi tu ndiye niliyelijua. Walimvua nguo yule mama kwa maneno, kwa muda ambao mtu angeweza kunywa vikombe viwili vya chai, nami nikaacha. Niliogopa. Sina neno lingine la kupamba. Niliogopa uso wa baba, niliogopa mdogo wangu aliyekuwa chumbani anapakwa hina, na zaidi ya yote niliogopa ile nguo ya machungwa iliyokuwa kitandani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alinishika kiwiko, akanipeleka stoo, kwenye giza na harufu ya magunia ya mchele, akafunga mlango nyuma yetu.

"Hiyo mama alikuuliza mambo ya mwezi?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na simu mkononi, na barua za kwanza zilikuwa za Kiingereza, ambacho yeye hajui kukisoma. Hiyo hapana ilishafika ulimini, ina uzito wa kokoto. Nikasema, "Aliniuliza, mama. Alitaka kutuwekea siku mbili. Mimi ndio nilikataa."

Nje mjomba alikuwa bado anafoka. Nilitamani mama anichape. Nina watoto wawili, lakini pale stoo ningempa mgongo mwenyewe.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Jana. Mwezi ilipoonekana."

Hilo ndilo lililomuumiza. Niliisikia pumzi yake. Jana, akasema, tungekuwa na siku mbili. Jana angetuma watu Kinna na vitunguu vingefika, angeloweka dengu, angewaita wenzake kabla hawajatawanyika kwenda kutembelea watu. Sasa ilikuwa Jumamosi saa moja usiku na maduka ya jumla yamefungwa kwa ajili ya Idd. Alihesabu kwa sauti ya chini, mchele, mafuta, kuni, wanawake wa kukata nyama, na nilimsikia akiingia katika ile kazi mbele yangu kama mtu anayevaa nguo yake ya zamani gizani, bila kutafuta mikono. Kisha akafungua mlango, akarudi sebuleni, akawaambia wanaume, "Wacheni huyo mama wa watu. Makosa ni ya nyumba hii. Yeye alifanya vile aliambiwa." Hakusema nani alimwambia. Baba alinitazama tena, akaelewa, akachukua ufunguo wa lori akaenda kutafuta kuni.

Jumapili sikulala wala sikukaa. Hema na viti vilifika jioni kama vilivyoahidiwa, pamoja na sufuria mbili na gunia la vitunguu ambalo hatukuagiza. Niliwaonyesha vijana wa gari lango la nyuma na kiwanja nilichokipima mwenyewe kwa hatua zangu. Mama aliweka majiko upande wa magharibi bila kuambiwa na mtu. Alikuja kila mwanamke aliyewahi kupikiwa naye, na walikuwa wengi, wakaketi juu ya mikeka wakimenya na kucheka. Mimi sikuweza kucheka. Bado niliogopa: mchele usitoshe, nyama isiive, mvua inyeshe, watu wa Kulamawe warudi kwao wakisema tuliwapa njaa. Nilikuwa nimeshazoea kuogopa kiasi kwamba hata mambo yalipoanza kwenda vizuri sikujua pa kuuweka ule woga.

Chakula kilitosha. Wageni walikula saa saba, walisifu pilau, wengine waliomba wapewe ya kubeba. Kiti cha mbele cha katikati alikaa shangazi. Mara tatu nilikwenda nyuma kumwomba mama aoge, avae, aje hata kwa nusu saa, nami nitasimamia majiko. Mara zote alinitazama kama nimemwambia aache mtoto barabarani. Sufuria ya mwisho ilikuwa bado haijakauka.

Saa kumi watu wa bwana harusi walitaka kuondoka ili wafike kabla ya giza. Bibi harusi akatolewa, sheikh akasoma dua, na mtu akaenda kumwita mama. Alikuja mbio kupitia kando ya hema, na dera la kazini, kitambaa kimeteleza kichwani. Mdogo wangu alikuwa na nguo nyeupe ya kukodi ya kurudishwa kesho yake. Alimrukia mama shingoni. Mama akamkumbatia kwa viwiko na vifundo vya mikono tu, viganja vyake ameviinua juu, mbali na ile nguo nyeupe, vimejaa mafuta na masizi, na kidole gumba cha kulia kimebabuka kwa moto. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mdogo wangu, kwa hiyo viganja vile vilinielekea mimi. Walikaa hivyo kwa muda, mama amefumba macho, vidole vimetanuka hewani, haruhusiwi kumgusa mwanawe.

Gari lilipoondoka alijifuta kwa dera, akaniuliza kama watu wa lori la pili wote walikula.